Kuhusu "ndani ya siku thelathini" katika kifungu cha 6 cha rasimu ya mkataba wa madawati

Keko, Dar es Salaam
Jumatano, 25 Machi 2026

Kwa Afisa Ununuzi wa shule, Morogoro

Bi. Afisa Ununuzi, habari za kazi.

Rasimu ya mkataba wa madawati 180 nimeipata jana na nimeisoma yote. Bei ya shilingi 95,000 kwa dawati ndiyo tuliyokubaliana, vipimo viko sawa, na malipo ya awali ya asilimia 40 yanatosha kununua mbao na mabomba. Niko tayari kuja kusaini Jumatatu tarehe 30 kama mlivyopanga. Kimebaki kitu kimoja tu.

Kifungu cha 6 kinasema: "Mzabuni atakabidhi madawati yote ndani ya siku thelathini (30) tangu mkataba kusainiwa." Naomba kujua, hizo ni siku za kalenda au siku za kazi?

Ningeliacha lipite, maana siku ikiandikwa hivyo tupu wengi wetu huisoma kuwa ni siku yoyote inayopambazuka, Jumapili ikiwemo. Ila kifungu cha 9, kinachohusu dawati lenye kasoro, kimesema "siku saba za kazi". Kumbe aliyeandika mkataba anaijua tofauti. Sasa kwenye kifungu cha 6 ameacha "za kazi" kwa makusudi, au kalamu imeteleza?

Nimekaa na kalenda ya ukutani nikahesabu, nikianzia Jumanne tarehe 31 Machi. Kwa siku za kalenda, ya thelathini ni Jumatano tarehe 29 Aprili. Kwa siku za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, inafika Ijumaa tarehe 15 Mei, kwa sababu katikati kuna Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Siku ya Karume na Mei Mosi. Muungano mwaka huu umeangukia Jumapili, hautupunguzii kitu. Na kama Jumamosi nayo ni siku ya kazi, kama ilivyo hapa karakana, tunaishia tarehe 8 Mei. Maneno yaleyale, tarehe tatu.

Tofauti ya siku 16 ingekuwa ndogo kama kusingekuwa na kifungu cha 11, cha kukatwa asilimia 0.2 ya thamani ya mkataba kwa kila siku ya kuchelewa. Mkataba ni wa shilingi 17,100,000, kwa hiyo ni shilingi 34,200 kwa siku. Mkihesabu kalenda nami nikihesabu siku za kazi, naweza kushusha lori hapo shuleni tarehe 15 Mei nikijiona nimewahi, kumbe nadaiwa shilingi 547,200. Hiyo ni karibu bei ya madawati sita.

Nisionekane kama naomba muda kwa mlango wa nyuma. Kuchomelea fremu hakunitishi, vijana wangu wanaweza. Kinachokula siku ni mbao. Mbao za Sao Hill zikifika mbichi lazima zipangwe zikauke kabla ya kupigwa randa, la sivyo baada ya miezi miwili mtanipigia simu kwamba meza zimepinda. Mbao nazo hukauka hata siku ya Pasaka, lakini wenye maghala wanafunga, na siku hizo tatu za mwanzo wa Aprili ndizo ningekuwa nanunua. Kwa kalenda nitaweza, nikilipwa malipo ya awali kabla ya Alhamisi tarehe 2. Kwa hiyo chagueni ninyi, ila iandikwe.

Tena kifungu cha 8 kinasema mtamalizia malipo "ndani ya siku thelathini" baada ya kupokea ankara. Hesabu itakayotumika kwangu itumike na huko. Sitakubali nikimbizwe kwa kalenda halafu nilipwe kwa siku za kazi.

Nimesikia hoja kwamba Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza namna ya kuhesabu muda. Ni kweli, lakini hiyo ni ya kusomea sheria zilizotungwa. Mkataba wetu unatakiwa ujisemee wenyewe. Kama mtachagua kalenda, napendekeza kifungu cha 6 kisomeke hivi:

"Mzabuni atakabidhi madawati yote ndani ya siku thelathini (30) za kalenda, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata tarehe ya kusainiwa kwa mkataba. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kitaifa, makabidhiano yatafanyika siku ya kazi inayofuata."

Kama mtachagua siku za kazi, naomba mkataba useme wazi kama Jumamosi imo.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa jioni, ili rasimu iliyorekebishwa niikute mezani Jumatatu. Nitapanda basi la alfajiri.

Wako katika kazi,
Fundi mkuu, karakana ya samani, Keko