Yah: Ombi la Nakala ya Rekodi ya Mhadhara

Kwa Mkuu wa Idara ya Baiolojia,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa 2. Jumanne iliyopita nilikosa mhadhara wa usanisinuru kwa sababu ya homa kali iliyonilaza siku 3. Cheti cha daktari nimekiambatisha.

Madaftari ya wenzangu nimeyasoma, lakini mzunguko wa Calvin ulichorwa ubaoni hatua kwa hatua, na katika kila daftari mishale inaelekea kwingine. Bila kumsikia mhadhiri akieleza, bado unanitatiza.

Naomba nakala ya rekodi hiyo kabla ya jaribio la Ijumaa. Nitaitumia kujisomea tu, wala sitaisambaza. Naweza kuja ofisini na flashi.

Wako mtiifu,
Rehema