Barua ya malalamiko: sinki lenye ufa na trei ya shawa isiyo ya saizi tuliyoagiza

Eneo la ujenzi, Mvara
Arua

10 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo
Duka la Vifaa vya Bafu na Vyoo
Kampala

Ndugu Meneja,

YAH: ODA NAMBA 0417, ANKARA NAMBA 2265: TUNAKATAA SINKI LA KUNAWIA NA TREI YA SHAWA

Tarehe 29 Januari 2025 tuliagiza kwenu vitu vinne vya bafu kuu la nyumba tunayoijenga hapa Mvara: choo, miksa ya shawa, sinki la kunawia la kauri pamoja na mguu wake, na trei ya shawa ya akriliki ya milimita 1200 kwa 800 pamoja na trapu. Malipo yote, shilingi 2,430,000 ikiwemo VAT na usafiri wa kuja Arua, yaliingia benki kwenu tarehe 31 Januari. Mzigo ulifika Ijumaa tarehe 7 Februari. Choo na miksa ni vizima, tumevipokea na hatuna neno navyo. Sinki lina ufa, na trei ni ya 1000 kwa 800. Hivyo viwili hatuvikubali, na barua hii ndiyo taarifa yetu rasmi ya kuvikataa.

Naanza na sinki, maana ndilo ambalo kijana wenu wa mauzo alisema kwenye simu kwamba huenda limevunjiwa kwetu.

Ufa unaanzia kwenye ukingo wa tundu la koki, upande wa kulia, unashuka nyuma ya bakuli hadi kwenye tundu la kutolea maji yanayozidi. Ukiufuata kwa uzi una urefu wa milimita 135. Si mchubuko wa juu tu. Fundi bomba alipaka wino wa bluu kwa ndani, akafuta kwa kitambaa kilicholowa, mstari ukabaki. Baada ya muda mfupi wino ukaonekana upande wa chini, mahali ambapo kauri haina mng'aro. Maana yake ufa umepenya unene wote. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole upande wa kushoto linalia vizuri, ukigonga kulia linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Picha nane na video ya mlio huo zilitumwa kwenye namba yenu ya WhatsApp Jumamosi tarehe 8.

Kuhusu lilikovunjikia: kona ya chini ya katoni ilikuwa imebonyea kwa ndani, na juu ya tepu ya kiwandani palibandikwa tepu nyingine ya kahawia. Katoni ile iliwahi kufunguliwa na kufungwa tena kabla haijafika Arua. Dereva hakukubali kusubiri tufungue makatoni, kwa hiyo kwenye hati ya kupokelea mzigo tuliandika "makatoni hayajafunguliwa, kona ya sinki imebonyea", naye akatia sahihi chini ya maneno hayo. Nakala mnayo. Tulipofungua alasiri ile ile, chenga nyeupe za kauri zilikuwa zimekusanyika chini ya katoni, upande ule ule uliobonyea. Sinki likivunjikia mikononi mwa fundi, chenga haziwezi kujipeleka chini ya boksi na kukaa chini ya karatasi ya kufungia.

Ushauri wenu wa kuziba ufa kwa epoksi hatuufuati. Epoksi inaficha mstari, hairudishi nguvu. Ufa umeanzia kwenye tundu la koki, na hapo ndipo nati ya koki itabana kila siku, na kila anayefungua maji anatikisa sehemu hiyo hiyo. Bafu hili lina maji ya moto. Kauri yenye ufa ikipata moto na baridi kwa kupokezana, ufa unaendelea kutembea. Siku likiachia, vipande vya kauri vinakata kama wembe, na nyumba hii ni ya kupangisha watu wenye watoto. Tulilipia sinki jipya, si sinki lililotibiwa.

Sasa trei. Hapa sidhani kama kuna la kubishana, kwa sababu kosa limeandikwa kwenye katoni yenyewe. Ubavuni kuna lebo ya kiwanda inayosema 1000 x 800. Juu yake mtunza stoo wenu ameandika kwa maka peni "120x80 ARUA". Oda, ankara na hati ya mzigo vyote vinasema 1200 x 800. Tumepima trei kwa tepu mara mbili, kwa juu na kwa chini: ni 1000 kwa 800. Inaelekea mtu alichukua boksi la jirani kwenye rafu, akaandika kilichopo kwenye karatasi bila kusoma lebo.

Pendekezo lililotolewa kwenye simu ni kwamba tuiweke hivyo hivyo, nafasi itakayobaki ijengwe kibenchi cha matofali na kuwekwa vigae. Naomba mpelekee fundi wenu yeyote anayeijua kazi hii vipimo vifuatavyo, naye atawaambia.

Nafasi iliyojengwa ina kuta tatu. Upana wake ni milimita 1208 na kina 805, kwa kufuata mchoro wa trei mliotutumia wenyewe wakati wa kuagiza. Bomba la maji machafu la milimita 50 limeshalazwa ndani ya zege, na mdomo wake uko katikati, milimita 604 kutoka kila ukuta wa ubavuni. Trei mliyoleta tukiiweka katikati ili tundu lake likutane na bomba, inabaki nafasi ya milimita 104 kila upande: hicho si kibenchi, ni mfereji. Tukiisukuma hadi ukutani ili tupate kibenchi kimoja, tundu linahama milimita 104 kutoka kwenye mdomo wa bomba, na trapu haifiki. Itabidi tuvunje zege ambalo limeshapigwa dawa ya kuzuia maji, kisha tuanze upya.

Hata kama bomba lingekubali, kiungo chenyewe hakifai. Trei ya akriliki inabonyea kidogo mtu akisimama juu yake, tofali na saruji havibonyei. Grauti ikiwekwa katikati ya vitu viwili vya namna hiyo inapasuka, na silikoni peke yake mahali panapopigwa na maji kila siku itaachia mapema. Ndiyo maana trei huingizwa hadi ukutani, halafu vigae vikashuka juu ya mdomo wake, maji yakose pa kupenya. Zaidi ya hayo, kioo cha mlango wa shawa kimeshatengenezwa kwa upana wa 1200. Ni kioo cha tempa. Kikishatiwa moto hakikatiki tena.

Chini ya risiti yenu pamechapishwa kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Maneno hayo yanaweza kumhusu mnunuzi aliyebadili mawazo. Hayahusu kitu kilichokuja tofauti na kilivyoelezwa. Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua kabla hajahesabiwa kuwa ameikubali. Sisi tumekagua siku ya kupokea na kutoa taarifa kesho yake.

Tunataka sinki jipya la aina ile ile, na trei ya 1200 kwa 800 yenye tundu katikati ya upande mrefu kama mchoro unavyoonyesha, vifike Mvara si zaidi ya Jumatano tarehe 19 Februari 2025, kwa usafiri wenu. Mguu wa sinki ni mzima. Kama sinki jipya linakaa juu yake sawasawa tutaubakiza, kama ni toleo tofauti leteni na mguu wake. Kabla ya kupakia, fungueni katoni zote mbili, ligongeni sinki, iwekeeni trei tepu juu yake, mtutumie picha inayosomeka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, nasi tungekuwa tumeepuka barua hii. Sinki lijazwe makaratasi ndani ya bakuli na kwenye kona, lifungwe kwenye fremu ya mbao. Trei isafiri imesimama kwa ubavu na kufungwa kamba, isilazwe chini ya mifuko ya saruji kama ilivyokuja mara hii. Safari hii mtu wetu atafungua makatoni mbele ya dereva, na hati haitasainiwa kabla ya hapo. Mjulisheni dereva mapema.

Lori hilo hilo lirudi na sinki bovu na trei ya 1000. Vyote viko stoo, pakavu, kwenye katoni zake. Trei haijafungwa popote, nailoni yake ya juu haijabanduliwa na miguu yake bado iko kwenye mfuko uliofungwa.

Kama hamna vitu hivyo stoo, semeni wazi kufikia Alhamisi tarehe 13, msituweke kwenye ahadi ya "kontena liko njiani". Hapo mtarudisha shilingi 420,000 za sinki na mguu, 690,000 za trei na trapu, na 80,000 ambazo ni nusu ya usafiri tuliolipa: jumla 1,190,000. Mtatoa pia kredit noti kupitia EFRIS kwa ankara namba 2265, kwa sababu mwenye nyumba anaitumia ankara hiyo kwenye hesabu zake.

Kwa vyovyote vile, iwe mtabadilisha au mtarudisha pesa, tunadai shilingi 190,000 za mafundi. Fundi bomba, 50,000 kwa siku, na fundi vigae, 45,000 kwa siku, walikuwa wamepangwa Jumamosi tarehe 8 na leo Jumatatu. Walifika, kazi haikuwepo, na wamelipwa. Karatasi walizosaini zimeambatishwa. Hatujadai kuchelewa kwa mpangaji wala usumbufu. Tumedai pesa zilizotoka mfukoni.

Ikipita tarehe 19 bila mzigo wala malipo, tutawapa notisi ya madai ya siku 14 na kufungua shauri kwa utaratibu wa madai madogo, ambao unapokea madai yasiyozidi shilingi 10,000,000. Tungependelea kumaliza nanyi wenyewe, kwani bado tuna mabafu mawili ya kununulia vifaa kwenye nyumba hii.

Jibu lije kwa maandishi, kwa barua pepe au kwenye namba ile ile ya WhatsApp iliyotumika kwa picha. Ya kwenye simu tumeyasikia.

Wenu,

Msimamizi wa Ujenzi
Kwa niaba ya mwenye nyumba, Mvara, Arua

Viambatisho: nakala ya oda 0417 na ankara 2265, hati ya kupokelea mzigo yenye sahihi ya dereva, picha nane, pamoja na za lebo ya katoni na tepu juu ya trei, mchoro wa trei ya 1200 x 800 mliotutumia, karatasi za malipo ya mafundi.

Nakala: mwenye nyumba.