Kuisoma chati ya ratiba ya saiti yetu, Mikindani

Karibuni kazini. Karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani mwa stoo ni chati ya Ganti, iliyopewa jina la Henry Gantt, mhandisi Mmarekani. Tunajenga madarasa mawili kwa wiki 16, kuanzia Agosti 3.

Kushoto zimeandikwa kazi, juu zimepangwa wiki. Ukanda wa rangi unaanza kazi inapoanza na kuishia inapotakiwa kuisha. Urefu wake ni muda tu. Ukanda mfupi si kazi ndogo: siku ya kumwaga zege la lenta ni moja, na jioni yake migongo haiinuki.

Angalieni hapo hapo penye lenta, wiki ya 7. Baada yake pana pengo, halafu kozi za juu. Msidhani tumesahau, zege linamwagiliwa maji siku 7 likomae. Mshale unaonyesha kazi ipi inaisubiri ipi.

Kanda nyekundu hazina nafasi ya kuchelewa: lenta ikichelewa siku 2, makabidhiano nayo yanachelewa siku 2. Shimo la choo ni la kijani, linaweza kusogezwa hadi wiki ya 12 (nawajua, msilifanye kisingizio).

Bati zimewekwa wiki ya 11, yaani katikati ya Oktoba, kwa sababu huku kusini mvua huanza Novemba au Desemba.

Kila Jumamosi saa 10 jioni msimamizi anapaka nyeusi sehemu iliyokamilika. Nyeusi ikiwa nyuma ya uzi unaoonyesha siku ya leo kwenye chati, mwambieni siku hiyo hiyo.