Kuandika Agizo Lako la Kwanza la Video

Karatasi ya darasa, Kidato cha Tatu, Sayansi ya Kompyuta. Isomwe yote kabla ya kipindi cha Alhamisi.

Agizo la video, ambalo wengi huliita prompti, ni maelezo ya maandishi unayoipa programu ya akili unde ili ikutengenezee klipu fupi. Programu za aina hii zimefunzwa kwa klipu nyingi mno zilizoambatanishwa na maelezo yake, na nyingi kati yake huanza kazi na chembechembe zisizo na mpangilio wowote, kisha huzisafisha kidogo kidogo hadi zilandane na maneno uliyoandika. Kwa sababu hiyo, jambo usiloliandika programu italijaza yenyewe kwa kile ilichozoea kukiona, na agizo lilelile likitumwa mara mbili huleta klipu mbili tofauti.

Tutajenga mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni mvuvi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, anayerudi kutoka baharini. Mwanafunzi asiye na uzoefu angeandika hivi:

"Tengeneza video nzuri sana ya mvuvi maskini mwenye matumaini anayeishi Zanzibar, anavua samaki, anauza sokoni na kumlipia mtoto wake ada."

Hatua ya kwanza: chagua tendo moja

Programu nyingi hutoa klipu ya sekunde 5 hadi 10 kwa agizo moja. Sentensi iliyo hapo juu ina kuvua, kuuza na kulipa ada, yaani mahali patatu na pengine siku tatu, na programu ikilazimishwa kuyabana yote hayo itamfanya mvuvi ageuke mtu mwingine katikati ya klipu. Chagua tendo moja linaloanza na kumalizika mbele ya macho yetu. Sisi tumechagua hili: mvuvi anaruka kutoka kwenye chombo kilichofika maji mafupi na kukivuta kuelekea mchangani. Ili kujua kama tendo linatosha ndani ya muda, simama uliigize huku mwenzako akitazama saa. Ukizidi sekunde 8, punguza.

Hatua ya pili: ondoa kila kisichoonekana

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo nitakapotoa alama nyingi. Kamera haioni umaskini wala matumaini. Inaona kaptula iliyopauka, mikono yenye mishipa iliyotuna, na uso unaotabasamu unapotazama ufukweni. Pitia agizo lako neno kwa neno na ujiulize kama mtu aliyekaa mbele ya skrini angeweza kukinyooshea kidole kitu hicho. Kama hawezi, ama ukifute, ama utafute dalili yake inayoonekana. Maneno "nzuri sana" na "ya kuvutia" yafutwe bila huruma, kwa kuwa hayaambii programu jambo lolote mahususi kuhusu picha unayoitaka.

Neno "Zanzibar" nalo halitoshi. Programu ikiachiwa jina la mahali peke yake huelekea kuleta picha ya matangazo ya utalii: minazi, maji ya samawati na viti vya kuotea jua. Andika unachokitaka kionekane pale, yaani mchanga mweupe wenye mwani uliokauka, nyavu zilizotandazwa, na chombo kingine kilichoegeshwa nyuma.

Hatua ya tatu: eleza umbo la vitu visivyojulikana sana

Kwetu neno "ngalawa" linajitosheleza, lakini programu huenda imeliona mara chache mno, hivyo ikatuletea boti ya kawaida ya mbao au hata jahazi kubwa. Dawa yake ni kuandika jina, kisha umbo: mtumbwi mwembamba uliochongwa kutoka gogo moja, wenye miti miwili inayopita juu yake kwa upana, na kwenye ncha za miti hiyo, kila upande, pamefungwa ubao mrefu wa kuuzuia mtumbwi usipinduke, katikati kuna mlingoti mfupi wenye tanga la pembetatu. Fanya vivyo hivyo kwa kinu, mbuzi ya kukunia nazi, buibui na kila kitu cha kwetu utakachokitaja.

Andika kwanza kwa Kiswahili. Klipu ikionesha kwamba sentensi fulani haikueleweka, tutaitafsiri kwa Kiingereza pamoja darasani, kwa kuwa programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa lugha hiyo.

Hatua ya nne: weka kamera na mwanga

Sema kamera iko wapi, inaona kwa umbali gani na inafanya nini. Picha ya mbali huonesha mahali, picha ya wastani huonesha mtu kuanzia kiunoni, na picha ya karibu huonesha uso au mikono. Kwa agizo la kwanza nashauri kamera itulie, au iwe na mwendo mmoja tu wa taratibu. Mwanga utaje kwa saa na kwa upande unaotokea, kwa sababu "alfajiri, jua likiwa chini nyuma ya mvuvi" ni maelezo yaliyo wazi kuliko "mwanga wa kupendeza". Kama programu inatoa sauti pia, ongeza sentensi moja ya sauti. Umbo la fremu, 16:9 kwa skrini pana au 9:16 kwa simu, huchaguliwa kwenye mipangilio.

Agizo letu sasa linasomeka hivi:

"Picha ya mbali, kamera imetulia usawa wa kiuno ufukweni. Alfajiri, jua liko chini nyuma ya mvuvi. Mwanamume wa makamo, mwenye kaptula ya kahawia iliyopauka na kofia ya ukindu, anaruka kutoka kwenye ngalawa na kuingia maji ya magotini, kisha anaivuta kuelekea mchangani. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba wa gogo moja, wenye ubao mrefu wa kuelea kila upande uliofungwa kwenye miti miwili ya kukingama, na tanga jeupe la pembetatu lililokunjwa. Mbele kuna mchanga mweupe na nyavu zilizotandazwa. Sauti ya mawimbi madogo na kunguru kwa mbali."

Hatua ya tano: kagua, kisha badilisha jambo moja

Tazama klipu mara tatu: mara moja mtu, mara moja chombo, mara moja mandhari ya nyuma. Hesabu vidole, hesabu mbao za kuelea, na angalia kama maji yanaruka miguu inapotua. Ukirekebisha, badilisha sehemu moja tu, la sivyo hutajua ni badiliko gani lililoleta matokeo. Epuka kuandika "pasiwe na boti ya injini", kwa maana kulitaja jambo mara nyingi hulileta. Andika badala yake kwamba bahari nyuma yake ni tupu. Usiombe maandishi ndani ya picha, kwani herufi hutoka zimevurugika mara kwa mara.

Masharti

Hairuhusiwi kutaja jina wala kupakia picha ya mtu halisi, awe mwalimu, mwanafunzi mwenzako au kiongozi. Hairuhusiwi pia kutengeneza tukio linaloweza kudhaniwa ni habari ya kweli, kama vile ajali au moto. Kila klipu itawekwa maneno "Imetengenezwa kwa akili unde" kabla ya kuoneshwa kwa yeyote nje ya darasa.

Kazi

Mkiwa wawili wawili, chagueni tendo moja kati ya haya: mama anageuza chapati kwenye kikaango, fundi anapiga kalafati chombo, au watoto wanaruka kamba uwanjani. Andikeni agizo la maneno 60 hadi 100, na chini yake muorodheshe maneno mliyoyafuta katika hatua ya pili na sababu ya kuyafuta. Karatasi zikusanywe kwa kiranja Jumatano kabla ya saa nane mchana. Maagizo yatatumwa kupitia kompyuta ya mwalimu, na kila jozi ina nafasi mbili tu.