Mikataba: mada zipi zina uzito, na tusome kwa mpangilio gani kabla ya Jumatano

Wanadiskasheni,

Mtihani ni Jumatano saa tatu asubuhi, na leo ni Alhamisi. Silabasi ya Sheria ya Mikataba ina mada kumi. Kuzisoma zote kwa nguvu sawa ni kujitafutia sapu. Jana nimekaa na madaftari matatu (langu, la mwenyekiti wetu, na la yule dada wa safu ya mbele asiyekosa hata neno) nikahesabu mhadhiri alitumia muda wake wapi. Hapa chini kuna hesabu yenyewe, kisha orodha ya kutiki.

Hesabu ni hii: kila saa ya mhadhara alama 1, kila swali la semina alama 2, na kila mara aliporudi kwenye mada akiwa anafundisha kitu kingine alama 1. Semina nimeipa mbili kwa sababu maswali yale anayatunga mwenyewe, na mtu akishazoea kutunga tukio la namna fulani hulirudia kwa majina mapya. Tulikuwa na saa 24 za mihadhara na maswali 11 ya semina.

Ridhaa huru: saa 5, semina 3, marejeo 2 = 13
Fidia: saa 2, semina 2, marejeo 4 = 10
Ofa na kukubali: saa 5, semina 2, marejeo 3 = 12, nimetoa 3 kwa sababu ilitoka kwenye testi = 9
Kumalizika kwa mkataba: saa 3, semina 2, marejeo 2 = 9
Malipo: saa 3, semina 1, marejeo 2 = 7
Uwezo wa kufunga mkataba: saa 2, semina 1, rejeo 1 = 5
Nia ya kufungwa kisheria: saa 1, rejeo 1 = 2
Utangulizi na vyanzo: saa 2 = 2
Mahusiano yanayofanana na mikataba: marejeo 2 tu = 2
Makubaliano haramu: saa 1 = 1

Jumla imetoka 60, sawasawa na alama za mtihani. Ni bahati tu, msianze kusema Ridhaa itatoka na alama 13.

Angalieni Fidia. Ukihesabu saa peke yake inalingana na Utangulizi, na nusu ya darasa imeiacha kwa sababu ilifundishwa wiki ya mwisho watu wameshaanza kufunga mabegi. Lakini mara nne mwalimu alikatisha mada nyingine na kuuliza, "Haya, amevunja. Mteja wako anapata nini?" Swali la tukio huishia hapohapo. Ukichambua ofa vizuri halafu ukanyamaza kwenye fidia, umejenga nyumba bila bati.

Saa mbili za Uwezo alifundisha msaidizi, na mtunga mtihani si yeye. Nimeziacha kamili, ila kwa maoni yangu ile 5 imezidi kidogo.

Mahusiano yanayofanana na mikataba hayakufundishwa hata dakika moja. Alisema tu "mtasoma wenyewe", mara mbili. Hesabu yangu haioni kitu cha namna hiyo, kwa hiyo nimekipandisha kwa mkono. Sababu ni kifungu cha 68: aliyempa mtu asiye na uwezo wa kufunga mkataba mahitaji yake ya lazima anaweza kulipwa kutoka kwenye mali ya mtu huyo. Swali la mtoto wa miaka 16 aliyechukua vitu dukani linaanzia kifungu cha 11 na kuishia cha 68. Aliyekariri 11 peke yake atabaki njiani.

Paspepa za miaka mitatu zina sura moja: swali la kwanza ni tukio na ni la lazima, kisha unachagua mawili kati ya manne. Kila moja alama 20. Tukio hilo halijawahi kukaa kwenye mada moja, ndiyo maana sijaifuta Ofa ingawa tumeshafanyia testi.

ORODHA YA KUTIKI

Kwanza kabisa (Ijumaa na Jumamosi)

☐ Vifungu vya 13 hadi 19. Uweze kutofautisha kwa mfano wako mwenyewe: shuruti (15), ushawishi usiofaa (16), udanganyifu (17), maelezo yasiyo ya kweli (18). Mwalimu hupenda tukio ambalo mzazi, kiongozi wa dini au daktari anamfanya mtu asaini. Hilo ni 16, si 15, na kwenye semina wengi wetu tuliangukia hapo.
☐ Matokeo yake: mkataba unabatilishika kwa hiari ya aliyeonewa. Haujawa batili tangu mwanzo. Ukichanganya maneno haya mawili, jibu lote linapinda.
☐ Kosa la pande zote mbili kuhusu jambo la msingi, kifungu cha 20. Hapa ndipo makubaliano yanakuwa batili.
☐ Kifungu cha 73 na Hadley dhidi ya Baxendale (1854). Andika kwa maneno yako: hasara inayotokea kwa kawaida, na hasara ambayo pande zote zilijua itatokea wakati wa kufunga mkataba. Hasara ya mbali hailipwi.
☐ Kifungu cha 74, kiasi kilichotajwa kwenye mkataba. Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho.

Pili (Jumapili na Jumatatu)

☐ Kifungu cha 56. Taylor dhidi ya Caldwell (1863), ukumbi ulioungua. Krell dhidi ya Henry (1903), chumba kilichokodiwa kutazama msafara wa kutawazwa mfalme. Jiulize kila mara: imeshindikana, au imekuwa ghali tu? Ughali hautoshi.
☐ Kifungu cha 65, kurudisha faida uliyopokea. Soma pamoja na 56.
☐ Ofa: Carlill (1893) kwa tangazo, Hyde dhidi ya Wrench (1840) kwa ofa mbadala, Felthouse dhidi ya Bindley (1862) kwa ukimya. Nusu saa inatosha, mlishazisoma.
☐ Malipo, kifungu cha 2(1)(d). Sheria yetu inafuata ile ya India ya 1872, kwa hiyo jambo lililokwisha kufanywa kwa ombi la mtoa ahadi linahesabika, na malipo yanaweza kutoka kwa mtu mwingine. Waingereza wanasema vingine. Mwalimu alitulia hapa akatuangalia. Nimeweka nyota daftarini.
☐ Vighairi vitatu vya kifungu cha 25.

Tatu (Jumanne asubuhi, basi)

☐ Kifungu cha 11, Mohori Bibee (1903), halafu 68 papo hapo. Pitisha macho 69 hadi 72.
☐ Balfour dhidi ya Balfour (1919), mistari mitano.
☐ Makubaliano haramu: kariri kifungu cha 23 tu.
☐ Utangulizi: usome ukiwa kwenye daladala.

Jumamosi saa kumi tukutane chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Kila mtu aje na tukio moja alilotunga la Ridhaa linaloishia kwenye Fidia, tubadilishane na kusahihishana. Asiye na tukio ananunua karanga za wote.