Jibu kwa Mzee Katibu kuhusu picha ya muhtasari wa mkutano wa mwaka 1968

Shikamoo Mzee Katibu,

Nimeupata ujumbe wako wa jana usiku. Umesema programu yetu "ina macho kuliko sisi", maana imesoma ule ukurasa wa taipureta uliofifia ambao wewe mwenyewe mpaka uusogeze dirishani. Nimefurahi na nakushukuru sana. Ila umesema pia kwamba Jumamosi wajumbe watagawiwa nakala ya ilichosoma, na karatasi za zamani zitolewe kabatini. Hapo ndipo nimeona nikuandikie mapema.

Sifa ulizotupa, nyingi si zetu. Kinachosoma picha ni Tesseract, programu iliyoanza kutengenezwa na watu wa Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Sisi tumeiwekea vitufe vya Kiswahili tu. Inatenga wino na karatasi, inakata ukurasa kuwa mistari, kisha inakisia kila umbo ni herufi gani kwa kufuata mifano iliyofundishwa. Kahawa haiijui, deni hailijui, wala haijui kwamba mkutano ule ulikuwa mzito. Imesoma vizuri kwa sababu karani wenu wa 1968 alipiga mistari iliyonyooka, na wewe ukalaza karatasi mezani ukapiga picha mchana. Sifa kubwa ni yake na yako.

Leo asubuhi nimekaa na picha yako upande huu na maandishi ya programu upande wa pili, nikalinganisha neno kwa neno. Nimekuta haya.

Kwenye orodha ya malipo, mwanachama wa tatu ameandikiwa Shs. 1,840/=. Kwenye karatasi ni 1,340/=. Utepe wa wino ulikuwa umechoka, tarakimu 3 ikaziba upande wa kushoto, ikaonekana 8. Nimeigundua kwa sababu jumla iliyopigwa chini ni 9,615/=, na nilipojumlisha ilichoandika programu nikapata 10,115/=. Zimezidi 500 kamili. Mzee wangu, fikiria orodha hiyo ingefika mkononi mwa watoto wa mwanachama huyo!

Mahali palipoandikwa "wanachama wa Mwika", imeandika "wanachama wa Mwaka". Ina orodha ya maneno ya Kiswahili inayoisaidia kukisia, na mwaka ni neno inalolijua. Majina ya vijiji na ya watu yote yaangalie kwa jicho hilo. Ng'ombe nao wamepoteza kile kialama chao kila mahali wakawa "ngombe". Hilo ni dogo, unarekebisha mara moja.

Jambo linalonipa wasiwasi kuliko yote ni kwamba kosa la programu linaandikwa safi sawasawa na neno sahihi. Karani akishindwa kusoma, ataacha nafasi au atauliza. Hii haiulizi. Angalia pale pembeni mwenyekiti alipoandika kwa kalamu: programu imetoa mstari wa herufi zisizo na maana yoyote, ikaendelea na kazi.

Kwa hiyo na lile daftari la michango lililoandikwa kwa mkono, ulilouliza kama tulipitishe humu, jibu langu ni hapana. Tesseract imefunzwa herufi za chapa. Mwandiko wa mkono ataweza mtu anayeujua mwandiko ule, na nadhani kwenu bado wapo.

Kurasa 40 za taipureta tuendelee nazo, itakuokolea siku nyingi za kuchapa. Naomba tu uzipige picha kutoka juu wima, bila mwanga wa simu, na ukizituma kwa WhatsApp uchague Document badala ya picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida hubanwa na herufi ndogo huharibika. Kwa karatasi ya A4, picha yenye nukta zisizopungua 2480 kwa 3508 inatosha. Lugha iache kwenye swa, yaani Kiswahili.

Ukishapata maandishi, mtu mmoja asome karatasi kwa sauti, mwingine afuate kwenye skrini. Safu za fedha zijumlishwe upya na kulinganishwa na jumla ya karani. Karatasi zenyewe zirudi kabatini, mahali pakavu. Ndizo ushahidi, na hii yetu ni nakala ya kurahisisha kutafuta.

Nimeambatanisha ukurasa wa kwanza nikiwa nimeusahihisha, na sehemu nilizogusa nimezipaka rangi ya njano. Kuna neno moja katika ajenda ya nne, kabla ya "mashine ya kumenyea", ambalo hata mimi nimeshindwa kulisoma. Nimeacha nafasi. Ukiliona kwenye karatasi yenyewe, nijulishe kabla ya Jumamosi.

Wako mtiifu,
Mtunzaji wa programu, Arusha