Kwa wapya wa deski: mteja akituma “Habari” peke yake

Salaam aleikum nyote,

Jumatatu mnaanza kushika wenyewe meseji za WhatsApp za deski yetu ya mizigo na safari, na kwenye treningi nimeona kitu kimoja kinawakera kuliko vyote: mteja anatuma “Hi” basi. Au “Habari”. Au nukta tupu, kisha kimya. Mmoja wenu akauliza kwani huyu si aseme tu shida yake tumalizane. Haya, ngoja niwajibu vizuri.

Deski iko Malindi lakini wateja wengi ni wa Lamu, na mzee wa Faza au Siyu hawezi kukuvaa na “mzigo wangu uko wapi” hata salamu hujamwitikia. Kwake huo ni ukosefu wa adabu. Anapiga hodi, anangoja karibu, na wewe usipomkaribisha atakaa hapo hapo mlangoni mpaka kesho.

Halafu kuna netiweki. Mtu yuko ndani ya basi baada ya Garsen, “Habari” imeingia lakini voice note yake au picha ya risiti bado inazunguka huko nyuma, na sisi kwenye skrini yetu hatuoni kama mtu anaandika au vipi. Wengine wanapima kwanza kama namba ni ya watu wa kweli, maana matapeli wa M-Pesa wamewachosha watu, na hapo mimi nawapa haki kabisa.

Na hii ndio wengi hamkuijua: ile stika ya kuskani tuliyobandika jeti ya Mokowe, kiungo chake kinaishia hivi:

```
?text=Habari
```

Mtu akiskani, neno linajiandika lenyewe, yeye anabonyeza kutuma tu. Sasa hiyo “Habari” unayoinunia ni sisi ndio tumeiandika jamani!

Jibu la kwanza basi. Itikia salamu kama ilivyokuja, akisema shikamoo hapo usiruke kwenda kwa “nikusaidie nini”. Kisha swali moja jepesi, kitu kama: “Wa aleikum salaam, karibu sana. Hapa ni deski ya mizigo na tiketi, Malindi. Ni mzigo ama ni safari? Ukipenda tuma kwa sauti.” Hapo mtu anajibu kwa neno moja. Ukimwambia “tafadhali eleza tatizo lako kikamilifu” umempa insha, na yule asiyependa kuandika anazima simu anaenda kuuliza kwa mabaharia, kisha mzigo unalala Mokowe. Hiyo ya sauti msiiache, kuna kina bibi wakiongea Kiamu chao wanakupa habari yote na nusu, kuandika ndio hawataki.

Wakati unangoja, tafuta namba yake kwenye mfumo. Juzi iliingia “?” peke yake, kijana wetu akaangalia akakuta kuna boksi la Matondoni limeshashuka Mokowe, akaandika: “Salaam aleikum, karibu. Ni lile boksi ulilokuwa ukilingoja? Limefika Mokowe, linasubiri boti.” Jibu likarudi: “Ndilo mwanangu, Mungu akuweke.” Imeisha hiyo. Lakini oneni hakutaja ndani mna nini wala thamani yake wala jina la aliyetuma, kwa sababu simu moja huku inaweza kushikwa na nyumba nzima. Na PIN ya mtu haiulizwi kabisa, hata akitaka kukupa mwenyewe.

Akinyamaza, mwache. Usimtumie “???” wala ujumbe ule ule mara tatu. Ila kumbukeni saa 24: zinahesabiwa kuanzia meseji yake ya mwisho, zikipita mfumo wa WhatsApp hautakuruhusu kuandika kwa uhuru, utabaki na zile templeti zilizoidhinishwa ambazo wallahi zinasomeka kama notisi ya mahakama. Kwa hivyo kumbusho ni moja tu na liende kabla hazijaisha: “Bado tupo, ukipata nafasi tuandikie hata neno moja.” Kisha funga tiketi ya mazungumzo hayo kwenye mfumo kama “hajajibu”, sio “spam”. Spam inamfungia namba, na akirudi wiki ijayo na shida ya kweli hatutamwona.

Watoto wanaochezea simu mtawajua kwa emoji. Wanaotaka namba yako binafsi nipasieni mimi, hao nawamudu.

Najua pia mnaogopa ile ripoti ya muda wa kufunga tiketi. Nimeshaongea na meneja, tiketi za salamu tupu hazitahesabiwa kwenye ripoti zenu mwezi huu wa kwanza, ila ziwekeeni lebo ya “salamu” ili nizitoe. Usipoiweka nitajuaje?

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi muwe mmefika, chai na mahamri juu yangu.

Wenu,
Mkuu wa treningi, deski ya Malindi